Kabla hujarefusha bodi ya Kanta: ekseli, mkia na kona

Msimu wa viazi ukikaribia, ombi linaloongoza gerejini kwetu hapa Mbeya ni moja: "Fundi, niongezee bodi nyuma, magunia yaenee." Kuchomelea chuma si kazi ngumu. Shida ni gari litakavyokuwa barabarani baadaye, na ndiyo maana tunatoa futi kamba kabla ya kuwasha mashine.

Tuchukue Kanta ambayo kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma ni mita 3.3, na mkia wake, yaani bodi inayoning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, ni mita 1.5. Mteja anataka sentimita 80 zaidi, kwa hiyo mkia utafika mita 2.3. Kwenye nafasi hiyo mpya atapanga magunia matano ya kilo mia mia. Uzito huo wa kilo 500 utakaa wastani wa mita 1.9 nyuma ya ekseli, nao utafanya kazi kama mtu anayekalia ncha ya ubao wa pembea. Zidisha 500 kwa 1.9, gawanya kwa 3.3: ekseli ya mbele inapunguziwa kama kilo 290. Ekseli ya nyuma inabeba zile 500 pamoja na hizo 290, jumla 790. Mizani ya barabarani hupima kila ekseli peke yake, kwa hiyo gari lenye jumla halali bado linaweza kukamatwa kwa ekseli ya nyuma.

Lakini faini si jambo linalotutia hofu zaidi. Tairi za mbele ndizo zinazokata kona, na zinahitaji uzito ili zishike barabara. Ukipanda Mlima Nyoka mvua ikinyesha, mwinuko wenyewe tayari unasukuma uzito nyuma. Usukani unakuwa mwepesi, unakata kona na gari linachelewa kuitika. Kuna njia rahisi ya kujua: gari likiwa tupu, pima kutoka chini hadi ukingo wa madigadi ya mbele, kisha pima tena likiwa na mzigo. Kama mbele imepanda badala ya kushuka, mzigo wako umekaa nyuma mno.

Mkia mrefu pia hupiga kwa pembeni. Ukikata usukani wote kulia, kona ya nyuma kushoto hutoka nje kabla gari halijanyooka. Kwa Kanta yetu, ikigeuka huku katikati ya ekseli ya nyuma ikizunguka kwa nusu kipenyo cha mita 5, mkia wa mita 1.5 hutoka nje sentimita 18 hivi. Mkia wa mita 2.3 hutoka sentimita 43. Kwenye njia zenye msongamano za Mwanjelwa, hizo zinatosha kumgonga mwenye mkokoteni ambaye dereva hamwoni kabisa.

Basi tusogeze ekseli ya nyuma? Inawezekana, na kwa uzito ni afadhali, kwa sababu mzigo unarudi katikati ya ekseli mbili na gari linatulia zaidi likienda moja kwa moja. Gharama yake iko kwenye kugeuza. Tairi zikikata kwa pembe ileile, ukitoka mita 3.3 kwenda 3.9, duara linalochorwa na tairi la mbele la nje linapanuka kutoka kipenyo cha mita 13.3 hadi 15.4. Anayefuata ndizi kwenye njia za mashambani Rungwe atalazimika kugeuza kwa kurudi nyuma mara kadhaa, mtaro ukiwa kando. Propela shafti nayo lazima irefushwe na kubalansiwa, na mabomba ya breki yaongezwe.

Wengine wanauliza juu ya kuweka spesa ili tairi zikae mbali zaidi upande kwa upande. Upana huo ndio unaozuia gari kulala kwenye kona, ila unapimwa pamoja na kimo cha mzigo. Upana ukiwa mita 1.4 na kitovu cha uzito kikiwa mita 1.1 kutoka chini, gari hulala likiinama kama digrii 32. Lumbesa zikipandisha kitovu hadi mita 1.4, inabaki 27, na springi zikilegea inapungua tena. Spesa ya sentimita 3 kila upande haikurudishii hata nusu ya ulichopoteza, na inaziumiza beringi za magurudumu. Kupunguza tabaka moja la juu kunasaidia zaidi.

Ukija, njoo na gari likiwa na mzigo wako wa kawaida, na utuambie njia nyembamba kuliko zote unayogeuzia. Tutapima zote mbili kabla ya kukupa bei.