Picha ya mafuta imekuwa rangi ya chai? Hiyo ni vanishi, na hivi ndivyo tunavyoitoa

Juzi dada mmoja katuletea picha ya jahazi, ya rangi za mafuta, kama sentimita 50 kwa 70 hivi, babu yake aliinunua miaka ya 1950 ikakaa sebuleni mpaka leo. Akatwambia, "Fundi, hii ni magharibi, jua linazama, mi nataka mnifutie vumbi tu." Tukachukua karatasi nyeupe ya fotokopi tukaisogeza pembeni ya tanga. Lile tanga ambalo nyumba nzima walikuwa wanaliona jeupe likatokea rangi ya chai kavu, na mbingu nyuma yake kijani. Sote tukanyamaza. Bluu ukiitazama kupitia kitu cha njano utaona kijani, kwa hiyo pale palikuwa hapana magharibi yoyote, ilikuwa ni mchana na juu yake miaka sabini ya vanishi.

Wateja wengi wanadhani ni uchafu. Uchafu upo kweli, moshi wa udi, ubani, sigara, vumbi la barabarani, lakini huo unakaa juu na ni wa kijivu. Njano iko ndani ya vanishi yenyewe. Wachoraji wa zamani wakimaliza picha walikuwa wanaipaka utomvu wa mti, sana sana damari au mastiki, umeyeyushwa kwenye tapentaini, ili rangi zikolee na zisikwaruzike. Ikiwa mpya ni safi kama maji. Alafu mwanga na hewa vinaanza kuibadilisha, oksijeni inaingia kwenye ule utomvu kidogo kidogo, unageuka kitu kingine, cha njano, kigumu, kinachokatika kama ukoko, na ukishaanza kuzeeka hivo hata ukiifungia picha kabatini gizani unaendelea kuwa njano. Ndio maana kufuta na kitambaa hakusaidii, unafuta kioo wakati rangi iko ndani ya kioo.

Hii si shida ya picha za majumbani tu. Ile picha kubwa ya Rembrandt iliyoko Rijksmuseum kule Amsterdam, aliyoichora 1642, dunia nzima inaiita Doria ya Usiku, na si usiku! Ni kikosi cha askari wa mji wanatoka mchana. Vanishi na uchafu viliifanya nyeusi mpaka watu wakaipa jina hilo kwenye karne ya 18, na jina likaganda. Mwaka 1990 mtu mmoja akaimwagia asidi, walinzi wakawahi na maji, asidi ikaishia kwenye vanishi, picha chini ikapona. Mimi ndo maana siwezi kuichukia vanishi, imewekwa pale iumie badala ya rangi. Mwishoni mwa 2024 wakaanza kuitoa ile iliyopakwa miaka ya sabini, na kazi wanaifanyia ndani ya chumba cha kioo, watu wanapita wanaangalia.

Turudi kwenye jahazi letu. Kitu cha kwanza hatukugusa vanishi kabisa. Tulizima taa tukaimulika na taa ya yuvi, ile ya mwanga wa zambarau, vanishi ya utomvu wa mti ikizeeka inang'aa kijani kama maziwa yaliyochanganywa na majani, na sehemu yoyote iliyorudiwa na fundi mwingine baadae inatokea doa jeusi. Tukaona madoa mawili kwenye maji ya bahari, kumbe iliwahi kutoboka. Pia kona ya chini rangi ilikuwa imeinuka vimagamba, hiyo ikabidi tuiponye kwanza, gundi nyepesi ya samaki yenye uvuguvugu inaingizwa chini ya kigamba na brashi ndogo, juu unaweka karatasi laini, unakandamiza na kijiko bapa chenye moto kidogo. Ukisafisha kabla ya hapo vile vigamba vinaondoka na pamba na havirudi tena.

Alafu ule uchafu wa juu. Hapa watu wanashangaa lakini ni kweli, tunatumia mate. Mate yana vimeng'enya, yana uvuguvugu, hayana ukali, na wahifadhi wa makumbusho makubwa wanayatumia mpaka leo. Unalowesha pamba kwenye kijiti, unaiviringisha, husugui, ikichafuka unatupa.

Ndo inakuja vanishi yenyewe, na hapa ndipo picha zinapouliwa. Damari mpya inayeyuka kwa tapentaini tu, lakini ikishazeeka haikubali, inataka spiriti. Shida ni kwamba spiriti ikiwa kali inavimbisha na rangi ya mafuta iliyoko chini, inakuwa laini na pamba inaibeba. Kwa hiyo tunatafuta mchanganyiko dhaifu kuliko yote unaoweza kufanya kazi. Tunaanza na waiti spiriti, ile laini inayotokana na petroli, sehemu tisa kwa spiriti kali moja, tunajaribu pembeni kwenye kidirisha cha sentimita moja, haikutoka kitu, nane kwa mbili, pamba ikaanza kupata unjano, saba kwa tatu ikatoka vizuri, na pale kwenye kile kidirisha ikafunguka mbingu ya bluu kabisa. Yule dada tulimtumia picha kwa simu akapiga hapohapo.

Lakini kila rangi inajaribiwa peke yake, mchanganyiko uliofaa mbinguni si lazima ufae kwingine. Juu ya mlingoti kulikuwa na bendera nyekundu tupu, ile ya Sultani, na pale pamba ilirudi na uwaridi. Ukiona rangi kwenye pamba unasimama sekunde ileile. Picha za karne ya 20 zina tabia hiyo, nyekundu nyingine zinalegea hata kwa maji. Tukaiacha bendera na vanishi yake nyembamba, imebaki na unjano zaidi kidogo kuliko pengine, na mteja tulimweleza kwa nini.

Kuna vanishi ambazo haziji hivi kirahisi, mojawapo imetoka kwetu wenyewe. Sandarusi ya pwani hii, utomvu wa miti uliokaa ardhini mpaka ukawa mgumu kama jiwe, ilikuwa inachimbwa, inapakiwa Unguja, inapelekwa Salem Marekani na Ulaya karne ya 19, wanaipika na mafuta ya kitani kupata vanishi ngumu sana. Ikikauka ule mchanganyiko na rangi ya picha vinakuwa karibu kitu kimoja, zote ni mafuta yaliyokauka, kwa hiyo kinachoyeyusha kimoja kinatishia cha pili. Picha ya hivo mara nyingine tunapunguza tu unene na kuacha iliyobaki.

Baada ya kusafisha tulipaka vanishi ya kisasa inayochelewa sana kuwa njano na inayotoka kwa waiti spiriti peke yake, alafu yale matoboko tukayajaza na kuyarudia rangi juu ya vanishi, si chini, ili fundi wa baadae akitaka aondoe kazi yetu bila kugusa ya mchoraji. Nyuma tukafunga ubao mwepesi, maana unyevu wa pwani unailegeza na kuikaza kanvasi kila msimu na ndo unaopasua rangi.

Ukitaka tukuangalilie yako, tutumie picha mbili za simu, moja ya mbele na karatasi nyeupe imewekwa pembeni, nyingine ya nyuma. Na tafadhali usiipitishie kiazi, kitunguu, limao wala sabuni ya vyombo kabla ya kuileta, maji yanaingia kwenye nyufa yanavimbisha ule utando wa gundi ulioko chini ya rangi, na rangi inabanduka vipande. Kama vipande vimeshaanza kudondoka, ilaze chali kwenye meza, viokote uvitie kwenye bahasha, uje navyo.