Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Ulioishia 31 Desemba 2023

Wanachama wenzangu,

Tangu hesabu zibandikwe ofisini, swali limekuwa moja: maziwa yaliuzwa vizuri, mbona ziada imeshuka kutoka shilingi 4,200,000 za rasimu ya kwanza hadi 518,400? Kilichoila ni mkopo wa mtambo wa kupoza maziwa, ambao tuliuchukua kwa dola na tunaulipa kwa dola.

Mwaka ulianza tukidaiwa dola 120,000. Kwa kiwango cha Benki Kuu cha shilingi 123.37 kwa dola, deni lilikuwa shilingi 14,804,400. Katikati ya mwaka tulilipa dola 20,000, benki ikatuuzia kila dola kwa shilingi 142, yaani 2,840,000. Karani alizitoa shilingi hizo kwenye daftari, likabaki deni la 11,964,400.

Barua ya mkopeshaji ilipofika Januari, Mweka Hazina aliiweka kando ya daftari. Ilisema tunadaiwa dola 100,000. Tarehe 29 Desemba, siku ya mwisho ya kazi, dola ilikuwa shilingi 156.46. Ukizidisha unapata 15,646,000. Daftari lilikuwa limepungukiwa na shilingi 3,681,600.

Pengo hilo lina sehemu mbili. Shilingi 372,600 ni hasara iliyokwisha kutimia: dola 20,000 zilikuwa vitabuni kwa 123.37, nasi tukazinunua kwa 142. Fedha hizo zimetoka, hazirudi. Zilizobaki, 3,309,000, zimetokana na kuthamini upya dola 100,000 ambazo hatujazilipa. Tumeziingiza kama gharama ya mwaka na kuongeza deni kwa kiasi hichohicho. Hakuna hata senti iliyotoka benki kwa ajili yake, ndiyo maana salio la benki halikushuka pamoja na ziada. Mtambo wenyewe haukuguswa. Unabaki kwa bei tuliyoununulia, kwa sababu si fedha wala deni la fedha.

Mzee mmoja wa kituo cha kukusanyia maziwa ameniambia, na ana haki, kwamba mwezi huu wa Machi dola imeshuka hadi karibu shilingi 132, basi tutumie kiwango hicho. Haiwezekani. Mizania inaonyesha tulivyokuwa siku mwaka ulipofungwa, na shilingi ilipata nguvu baadaye, Februari. Tumelieleza jambo hilo katika maelezo ya hesabu. Dola ikibaki hapo hadi Desemba, takriban shilingi milioni 2.4 zitarudi kama faida ya mwaka 2024. Ikipanda tena, hazitarudi.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza tusigawe bonasi mwaka huu, ingawa najua wengi mlikuwa mmeipangia karo. Awamu ijayo ni dola 20,000 mwezi Juni, na fedha zilizoko benki ndizo za kuzinunulia.