Barua ya wazi kwa Kamishna wa Kazi: tarehe ya malipo iandikwe

Mheshimiwa Kamishna,

Nilikuwa nikiandaa mishahara katika kampuni ambayo sasa imefungwa. Tarehe 12 wafanyakazi tulikabidhiwa barua, mimi nikiwa mmoja wao. Ilisema biashara inafungwa tarehe 30, mikataba yote inakoma siku hiyo, na "stahiki zako zote zitalipwa baada ya taratibu za ufungaji kukamilika."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayonifanya nikuandikie. Siku ya kutuondoa ilikuwa na tarehe, lakini siku ya kutulipa haikuwa nayo.

Mwenzangu wa ghalani aliniletea yake tuipigie hesabu. Mkataba wake unadai notisi ya siku 28. Kuanzia tarehe 13 hadi 30 ni siku 18, kwa hiyo anadai malipo ya siku 10 badala ya notisi. Likizo yake ni siku 21 kwa mwaka, yaani siku moja na robo tatu kwa kila mwezi. Tangu mwaka wake wa likizo uanze alikuwa amefanya kazi miezi 8, akajipatia siku 14. Alizokwishachukua ni 5, zikabaki 9. Barua yake haikutaja hizo 10 wala hizo 9. Ilikuwa na jumla moja tu, na jumla ya namna hiyo haimwonyeshi mtu kilichosahaulika. Mimi niliyezoea hesabu hizi nilikaa nayo muda mrefu nisijue imetoka wapi.

Nyuma ya barua kulikuwa na karatasi nyingine ya kusaini: "Nimepokea stahiki zangu zote na sina madai." Wengi walisaini siku ileile, kabla hata shilingi haijaingia benki. Kampuni ikishakabidhiwa kwa mfilisi, aliyesaini hivyo huanza kwa kupingana na saini yake mwenyewe, naye yuko foleni moja na wadai wengine.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 158 wa mwaka 1982, kifungu cha 14, unamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi aiarifu mamlaka mapema iwezekanavyo. Ataje sababu, idadi na aina ya wafanyakazi, na kipindi cha kuwaachisha. Hesabu ya fedha haimo katika orodha hiyo.

Ninaomba ofisi yako iiongeze. Taarifa ya kufunga isipokelewe bila jedwali la kila mfanyakazi: mshahara hadi siku ya mwisho, notisi, likizo, kiinua mgongo pamoja na miaka iliyohesabiwa, makato, na tarehe ya kulipa. Karatasi ya "sina madai" nayo isisainiwe kabla fedha hazijaonekana kwenye akaunti.

Mwenzangu wa ghalani bado anasubiri siku zake 19. Jedwali lake ninalo, nitalileta ofisini kwako ukinipangia siku.

Wako mtiifu,
Aliyekuwa mwandaaji wa mishahara