Funguo za chumba cha chanjo ni zako sasa, mdogo wangu

Mdogo wangu mpenzi,

Miaka 36 si haba. Niliripoti hapo kituoni mwaka 1989, friji likiwa bado la mafuta ya taa, nikawa nakata utambi mpaka mwali uwe wa bluu. Nawashukuru wote mlionivumilia, wewe zaidi, uliyeniletea uji kila asubuhi nilipovunjika mguu. Tarehe 30 Juni 2025 natimiza miaka 60, nastaafu.

Makabidhiano tusiyaharakishe. Tarehe 9 Juni tuhesabu vichupa wote wawili, bechi kwa bechi, tukilinganisha na leja. Kuanzia tarehe 16 joto usome wewe, asubuhi na jioni, Jumapili pia. Mimi nitakaa pembeni. Tarehe 23 tusaini mbele ya mganga mfawidhi, nikupe funguo.

Lakini kuna asubuhi ile. Jana yake kipimajoto kilionyesha nyuzi 9, ukaogopa, ukazungusha swichi hadi mwisho, ukaenda zako nyumbani. Nilipofungua, kilisoma 3 chini ya sifuri. Ukaniambia, "Dada, zitayeyuka tu, hazina neno." Surua na BCG kweli haziharibiwi na kuganda. Penta huharibika, na ile alama ya mraba kwenye kichupa haikwambii, maana hubadilika kwa joto tu.

Kina mama niliwaomba warudi kesho. Usiku nikagandisha kwa makusudi kichupa kimoja cha bechi ileile, asubuhi nikakiacha kiyeyuke. Nikakitikisa pamoja na kimoja cha zile zako, nikaviweka mezani, tukakaa kuvitazama. Vyote viwili vikatuama sawia: unga mweupe chini, maji juu. Bechi nzima ikatupwa.

Swichi ningekusamehe siku ileile. Kinachoniuma ni karatasi ya joto. Asubuhi ile ulikuwa umeandika 5. Kwa mwandiko wako mzuri, 5.

Ndipo nikapaza sauti mbele ya kina mama, nikakuita jina ambalo sitalirudia hapa. Mmoja wao alikuwa na mtoto wa wiki sita mgongoni, ametembea tangu alfajiri. Ningemwambia nini? Kama ningenyamaza, mtoto yule angechomwa sindano isiyomkinga, na kadi ingeandikwa amechanjwa. Nilikuwa mkali, ndiyo. Nami nililelewa kazini kwa ukali, na katika miaka yote hiyo sijawahi kuandika joto ambalo sikulisoma. Hata hivyo ulilia peke yako stoo, nikasikia, nikapita. Hilo nisamehe.

Friji likifika 9 tena, sogeza swichi kidogo tu, subiri, soma upya. Ukiona 9, andika 9, kisha umpigie mratibu wa chanjo wa wilaya. Hata usiku nipigie na mimi.

Tarehe 30 nitakuja saa mbili asubuhi. Nitasoma joto mara ya mwisho, niandike, nawe usaini chini yangu.

Dada yako