Mzigo wa "Atalipia Huko": Kwa Nini Tunapima Mbele Yako na Kumpigia Mpokeaji

Kabla hatujaanza kumpigia mpokeaji, mteja mmoja kutoka Nansio alitupigia simu kwa hasira. Ndugu yake wa hapa Mwanza alimwambia nauli ya boksi ni elfu nane, lakini alipofika kwa wakala wetu akadaiwa elfu kumi na tatu. Alituita wezi. Nilimsomea nakala ya risiti: kilo zimeandikwa, elfu kumi na tatu imeandikwa, na sahihi ya ndugu yake ipo chini. Ile elfu nane ndugu alikuwa amekisia akiwa nyumbani, kabla boksi halijakanyaga mizani.

Malalamiko ya mizigo ya kulipiwa na mpokeaji karibu yote huanzia hapo. Anayekubali bei ni mtu mmoja, na anayetoa hela ni mwingine ambaye hakuwepo wakati wa kupima.

Nieleze kisa kilichotufanya tubadili utaratibu. Mama mmoja mfanyabiashara wa Kirumba alileta magunia matatu ya dagaa yaende Dodoma, akasema mteja wake atalipia huko. Kwenye simu alikuwa amemwambia mteja kwamba yote ni kama kilo 50, na kwa bei yetu ya wakati huo, shilingi 300 kwa kilo, nauli ingekuwa 15,000. Mizani ikasema kilo 86, yaani 25,800. Mama akatia sahihi, akaondoka, asimwambie mteja wake chochote.

Mzigo ulipofika, yule wa Dodoma alikataa kuutoa. Alidhani anabambikiwa. Tukampigia mama, tukamwomba atume ile tofauti ya 10,800 kwa simu mzigo utoke siku hiyo hiyo. Akasema hapana, walikubaliana nauli ni ya mnunuzi. Wakavutana siku kumi na mbili.

Stoo yetu haitozi siku tatu za kwanza. Zilizobaki tisa, kwa shilingi 500 kila gunia kwa siku, zikafika 13,500. Mwishowe mama akasema mzigo urudi Mwanza, na kurudi ni 25,800 nyingine. Akatulipa 65,100 kwa sababu ya 10,800. Tena dagaa walikuwa wameshavuta unyevu, magunia mawili yalianza kunuka ukungu na ilibidi aanike upya.

Alituambia tumemwonea. Mimi nasema gari lilitumia mafuta kwenda na kurudi, na wapagazi walilipwa kupakia na kushusha mara mbili. Mpokeaji akikataa, deni la nauli linarudi kwa aliyetuma, maana ndiye aliyetukabidhi mzigo. Lakini kosa letu lilikuwepo pia: hatukumpigia mpokeaji kabla ya kupakia. Tangu siku ile karani hapakii mzigo wa namna hii bila kumpigia mpokeaji, mtumaji akiwa amesimama hapo hapo, na kumtajia kilo na shilingi. Akisita, mzigo haupandi gari. Wapo wanaolalamika kwamba tunawachelewesha. Ni dakika tano.

Anayetuma tunamdai pia amana ya nauli ya kurudi. Mzigo ukipokelewa, anarudishiwa yote. Samaki wabichi hatuwapokei kwa mpango huu hata kwa amana, kwa sababu usalama wetu ni kuushikilia mzigo mpaka nauli ilipwe, na sato wa kwenye barafu hawezi kushikiliwa hata siku mbili.

Wengine wanaikwepa amana kwa kumpa kondakta boksi mkononi: "Mpe shemeji yangu, atakupa hela." Kijana mmoja alipeleka Kahama spea za pikipiki hivyo. Kondakta akabadilishwa gari njiani, shemeji akapokea boksi lililofunguliwa na kudaiwa mara mbili ya walivyopatana. Kijana alikuja kwetu kuomba msaada, lakini bila risiti hatukuwa na pa kuanzia.

Kwa wewe unayepokea, jambo moja linawachanganya wengi. Nauli unayolipa ni ya safari tu, haimo bei ya bidhaa. Ndiyo maana haturuhusu kufungua boksi kwanza na kulipa baadaye. Mwaka jana dada mmoja alilipa nauli ya boksi la viatu kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni, akakuta mitumba iliyochanika. Nauli yetu hatukuweza kuirudisha, kwa sababu boksi lilifika na gundi yake vile vile lilivyopokelewa. Kama humfahamu aliyetuma, au hukuagiza kitu, kataa karani anapokupigia, kabla gari halijaondoka. Hapo hudaiwi hata shilingi.

Na ukifika kwa wakala ukaona kilo zinakutia shaka, omba boksi lipimwe tena kabla ya kulipa. Mizani ipo kaunta, na karani hana ruhusa ya kukukatalia.