Chuma cha kushikia bafuni: mnacholipia ni ukuta

Kila mara tunaulizwa swali lile lile: chuma chenyewe kinauzwa dukani kwa bei ya kawaida, sasa mbona ufungaji unazidi bei ya chuma? Mteja mmoja alitutamkia wazi kwamba tunamwibia. Alinunua cha kwake, akakifunga mwenyewe, kisha akatupigia simu kiliponing'inia pamoja na kigae kizima. Bahati nzuri mama yake alikuwa ameketi bado, hakuumia.

Tulipokitoa tuliona sababu papo hapo. Skrubu zake zilikuwa za sentimita 4. Katika ukuta ule, kigae, gundi yake na lipu vilimeza karibu sentimita 3, kwa hiyo kilichoingia kwenye tofali ni ncha tu. Plagi, kile kipande cha plastiki kinachoshika skrubu ukutani, ilikuwa imetanukia ndani ya lipu, na lipu haibebi mtu. Mzee anapoinuka chooni hakigusi chuma kwa ustaarabu, anakivuta kwa uzito wake wote, chini na nje kwa pamoja.

Sisi tunaanza kwa kugonga vigae. Kikitoa mlio mtupu, nyuma yake hakuna gundi ya kutosha, na hapo hatutoboi. Kigae tunakitoboa taratibu kwa ncha yake maalumu, mashine ikiwa imezimwa mpigo wa nyundo, la sivyo kinapasuka. Tukishalifikia tofali ndipo tunawasha nyundo na kubadili ncha. Plagi inasukumwa mpaka ipite lipu na kukaa yote ndani ya tofali, na skrubu inakuwa ndefu kwa kadiri hiyo. Tofali likiwa na matundu, plagi ya kawaida inazunguka tu bila kushika, kwa hiyo tunatumia gundi ya kemikali pamoja na kikapu chake cha wavu na kuiacha ikauke kabisa kabla mtu hajagusa. Mwisho fundi anajining'iniza mwenyewe. Kazi hiyo haifanyiki kwa dakika kumi, na bei yetu haitashuka ili ifanyike kwa dakika kumi.

Wengine wanakimbilia vyuma vya kunyonya ukuta kwa mpira, visivyohitaji kutoboa. Mpira ule ukikaa juu ya mstari wa kati ya vigae, hewa inaingia kidogo kidogo. Asubuhi kimeshika, jioni kimeachia, na mara nyingi mtu hatambui mapema. Hatuviuzi. Reli ya taulo nayo imetengenezwa ibebe taulo, lakini nenda kaitazame kwenye bafu la mzazi wako: kama imelegea, jua ameshaanza kuishikilia.

Jambo hilo la kutazama ndilo sehemu ya kazi ninayoipenda zaidi. Kabla ya kupima chochote tunamwomba mzee atembee kutoka kitandani mpaka chooni kama anavyofanya usiku, akiwa na ndala zake za kila siku. Tunafuata alama za mikono: weusi kwenye fremu ya mlango, rangi iliyofifia pembeni ya swichi, ukingo wa sinki uliotikisika. Anapojishikiza leo ndipo panapohitaji chuma. Vipimo vya kawaida vinasema chuma cha kulala kiwe kati ya sentimita 84 na 91 kutoka sakafuni, ila mzee mfupi tunampima kwa kiganja chake mwenyewe.

Kuna mzee aliyepata kiharusi, mkono wa kushoto umebaki dhaifu. Familia ilikuwa imefunga chuma kizuri, imara kabisa, upande wa kushoto wa choo kwa sababu ndiko ukuta ulikokuwa. Kila akitaka kuinuka ilimbidi ajipinde ili kukifikia kwa mkono wa kulia, na kujipinda huko ndiko kulikokuwa kukimyumbisha. Kulia kwake palikuwa wazi, hapana ukuta. Tulimwekea chuma chenye mguu kinachofungwa sakafuni, na kingine cha kusimama pale anapoingilia bafuni. Zulia dogo la mlangoni tuliliondoa siku hiyo hiyo, na njia ya usiku tukaiwekea taa ndogo inayowaka yenyewe mtu akipita. Hayo mawili hatukuyatoza.

Mzee akiona kizunguzungu kila anaposimama, mwambieni daktari wake mapema, aangalie pia dawa anazotumia. Hilo chuma hakilitibu.

Baada ya wiki chache wekeni mkono mtikise chuma wenyewe. Silikoni ikipasuka kuzunguka kitako chake, au kikicheza hata kidogo, mzee asikishike tena mpaka tufike.