Mdogo wangu, mwombe mkutane tena

Mdogo wangu,

Uliniambia siku yenu ya kwanza ilikuwa ya kawaida tu, ukaniuliza kama inafaa kumtafuta tena. Naona inafaa, na sababu umenipa mwenyewe. Pale mlipokaa muziki ulikuwa juu, meza za jirani wanashangilia mpira, sato mliyemwagiza hafiki, na ninyi mkabaki kuulizana unafanya kazi wapi, mko wangapi kwenu, kama watu wanaojaza fomu. Lakini mlipotoka kuelekea kituoni, yeye ndiye aliyeanza habari ya bibi yake wa Ukerewe: dagaa wameanikwa mwambani, wingu limetanda upande wa ziwa, bibi anawapigia kelele wajukuu wakimbie kuzoa. Daladala ya Igoma ikafika, habari ikakatikia hapo, na alipokaa dirishani akakupungia mkono.

Mtu aliyekuchoka anachungulia barabara kuona kama gari linakuja. Haanzi habari ya bibi yake. Kama hata njiani angekujibu kwa neno moja moja, ningekuambia uache.

Sasa ujumbe wenyewe. Usianze na "mambo", akujibu "poa", kisha "za tangu juzi". Salamu za namna hiyo anazipata kutwa, na utamchosha kabla hujafika unakokwenda. Wala usimwandikie kwamba ilikuwa siku nzuri ajabu. Naye alikuwepo, anajua haikuwa hivyo, na ukimpamba hapo hata lile la kweli litakalofuata atalitilia shaka. Mimi ningeandika hivi:

"Habari za jioni. Nikuambie ukweli, Jumamosi spika iliongea kuliko sisi wawili, na yule sato nadhani walikuwa bado wanamvua. Ila habari ya bibi na dagaa imenikaa kichwani: mvua iliwawahi au hapana? Ningependa unimalizie. Jumapili saa kumi jioni, pale Kamanga panapoonekana Jiwe la Bismarck, tutembee kidogo, kama saa moja hivi. Usipojisikia niambie tu, hakuna ubaya."

Tazama utani unamwangukia nani. Unaiangukia spika na samaki, vitu vilivyowasumbua wote wawili, kwa hiyo akicheka mnakuwa upande mmoja. Usimtanie alivyokula, alivyovaa, wala kwamba alichelewa; hamjafahamiana kiasi hicho. Na usijiponde mwenyewe, maana utamlazimisha aanze kukubembeleza badala ya kukujibu. Utani mara mbili unatosha. Ukiongeza wa tatu, hatajua kama kweli unamwomba mkutane au unachangamsha tu.

Swali la bibi ndilo lenye uzito kuliko yote. Linamwonyesha kwamba katika kelele zile ulimsikiliza, na linampa kitu chepesi cha kujibu hata kabla hajaamua kuhusu Jumapili.

Ulitaja kumpeleka Saanane. Kisiwa ni kizuri, nami nakipenda, lakini kwa mara hii hakifai. Mtapanda boti Capri Point, mtalipa kiingilio, na akishafika kule hawezi kuondoka anapotaka mpaka boti iwarudishe. Mtu ambaye bado anakupima anahitaji mahali anapoweza kukuaga bila shida. Kamanga ni katikati ya mji, watu wanapita, abiria wa kivuko wanapanda na kushuka, na usafiri wa kurudi kwao uko karibu kabla giza halijaingia. Mkitembea pia mnapata la kuzungumza bila kutazamana usoni muda wote, jambo lililowashinda pale mezani. Nauli usimtumie kabla hajakubali, asije akaona ana deni la kuja.

Tuma jioni, watu wakishatoka kazini. Usihesabu siku ngapi zipite ili uonekane huna shida naye. Habari yake ingali ya moto.

Akijibu "Jumapili siwezi, labda Jumatano nikitoka kazini", hiyo ni ndiyo kamili, wala usisononekee Jumapili. Akisema "nitakuambia" bila kutaja siku, mjibu "sawa, nasubiri" na uishie hapo. Usitume alama ya kuuliza, usitume "mbona kimya". Wiki ikipita bila neno, kimya hicho ndicho jibu lake. Usimtumie rafiki yake akamuulize, na usipite kazini kwake ukijifanya una safari za upande ule.

Akikataa waziwazi, mwandikie: "Asante kwa kuniambia, nakutakia heri." Usiulize kwa nini, kwani sababu yoyote atakayoitaja utaanza kuijibu. Halafu njoo Nyegezi Jumapili hiyo, shemeji yako anaulizia siku zote mbona hatukuoni.

Dada yako